Barua kwa mwenye Tufani: kumpumzisha farasi bandani na kumrudisha kazini hatua kwa hatua

Mzee wangu, shikamoo.

Juzi nilipokuwa nafungasha mashine uliniuliza swali moja nami nikalikwepa, maana kijana wako alikuwa amesimama pale na sikutaka kukuvunja moyo mbele yake. Uliuliza: "Daktari, kufikia Pasaka atakuwa sawa?" Jibu langu ni kwamba kufikia Pasaka Tufani atakuwa anatembea vizuri kabisa, hata mimi nikimtazama kwa macho tu sitaona kasoro. Lakini mguu utakuwa bado haujapona. Farasi wengi walioumia kano huharibika mara ya pili katika kipindi hichohicho, wakati kila mtu anaapa kwamba wamepona.

Kwa hiyo nakuandikia kila kitu kwa urefu, kuanzia leo hadi mwezi wa kumi na mbili. Nakuomba barua hii umsomee saisi wako, usiishie kumwambia "daktari kasema apumzike". Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu farasi mmoja ng'ambo ya Likoni. Maagizo yote nilimpa mwenye farasi kwa simu, na saisi sikumwambia neno. Wiki ya saba yule saisi akamwonea huruma mnyama, akamfungulia uwanjani "anyooshe miguu kidogo". Farasi alizunguka ua mara mbili kwa shoti, akasimama, na mguu umevimba upya. Saisi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kudhani maneno yatafika yenyewe.

Kilichomo ndani ya mguu

Nyuma ya muundi wa mguu wa mbele kuna kano mbili ndefu zinazoshuka kutoka gotini kwenda kwatoni. Iliyoumia kwa Tufani ni ile ya juu, iliyo karibu na ngozi, mguu wa kushoto. Ndiyo maana ukimtazama kwa ubavu unaona mguu umejaa katikati kama tumbo la ndizi. Kano hii hufanya kazi ya springi. Farasi akienda shoti hunyooka na kurudi kila kwato inapogusa chini, na hunyooka karibu na mwisho wa uwezo wake. Mchanga mkavu wa juu ya mstari wa maji huzamisha kwato na kumchosha farasi upesi, na misuli ikishachoka kano ndiyo hubeba mzigo. Siku ile alipoumia alikimbizwa huko juu kwa sababu maji yalikuwa yamejaa.

Kwenye altrasaundi nilikuonyesha doa jeusi katikati ya kano. Weusi ule ni mahali nyuzi zilipokatika na damu na majimaji yakaingia. Lilikuwa limechukua kama robo ya unene wa kano, na urefu wake kama sentimita 8. Kano haikukatika yote, na hiyo ni bahati. Lakini si jeraha dogo.

Sasa elewa linavyopona, maana ratiba yote inatoka hapo. Mwili haurudishi nyuzi zilezile. Kwanza unajaza pengo kwa nyuzi nyembamba, dhaifu, zilizolala ovyo, mfano wa usumba uliomwagwa chini kabla haujasokotwa kamba. Nyuzi hizo hupangika kufuata urefu wa mguu pale tu zinapovutwa kidogo kidogo, kwa kipimo, siku baada ya siku. Farasi akisimama tu miezi sita, kovu hubaki fundo la usumba. Akivutwa kwa nguvu mapema, zinakatika tena. Kwa hiyo pumziko hili ni dawa yenye sehemu mbili: banda linamzuia asijivute mwenyewe, na matembezi ya mkononi yanamvuta kwa kiasi tunachotaka sisi.

Banda lenyewe

Chumba kile cha mwisho chenye paa la makuti ndicho nilichokipenda. Kina futi 12 kwa 12, kinatosha kugeuka na kulala bila kutosha kupiga mbio. Usimweke kile cha mabati, atapikika. Kwa joto hili la kaskazi nataka upepo wa bahari upite kifuani mwake, kwa hiyo toa mbao mbili za ukuta wa mashariki na uache pengo juu ya kimo cha magoti.

Sakafu iwe na maranda, unene wa shubiri moja, si mchanga. Najua mchanga ni wa bure hapo kwenu, lakini akiokota majani juu ya mchanga kwa miezi mitatu atameza kilo za mchanga na tumbo litafunga. Kupima ni rahisi: chukua vinyesi vyake kama sita kutoka juu ya lundo, vile ambavyo havikugusa sakafu, vitie katika mfuko wa plastiki unaoonyesha, jaza maji, vuruga, kisha utundike robo saa. Mchanga utashuka chini ya mfuko. Ukiona zaidi ya kijiko kimoja cha chai, nipigie. Fanya hivyo kila wiki mbili.

Mkojo uondolewe mara mbili kwa siku. Kijana asinuse akiwa amesimama, achuchumae pale farasi anapoweka pua akila. Macho yakimwasha, basi Tufani anavuta hewa hiyo usiku kucha.

Mwisho kuhusu banda: asiwe peke yake. Aweze kumwona farasi mwingine, na saa wale wengine wanapokwenda ufuoni mfungie mbuzi jirani. Usicheke, mzee. Farasi anayebaki peke yake huanza kuzunguka chumba na kupiga mlango teke, na kila mzunguko ni kona kali juu ya kano ile ile.

Siku hizi za mwanzo

Leo ni siku ya tisa. Hadi siku ya kumi na nne hatoki kabisa. Mguu umwagiwe maji baridi au ushikiliwe ndani ya ndoo ya maji yenye barafu dakika 20, mara tatu kwa siku. Barafu ya wauza samaki inafaa, mradi iwe ndani ya maji, isigandamizwe moja kwa moja kwenye ngozi. Baada ya hapo mkaushe, kisha pamba na bendeji kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo.

Bendeji niliyomwonyesha kijana ibadilishwe kila siku, na ya mguu wa kulia vilevile, kwa sababu mguu mzima sasa unabeba mzigo wa miwili. Pamba iwe nene na laini, isiwe na kunjo, na mkazo uwe sawa kuanzia juu hadi chini. Bendeji iliyobana mahali pamoja huumiza kano yenyewe. Nimewahi kuitwa kuangalia "jeraha jipya" ambalo lilikuwa alama ya uzi wa bendeji.

Fenilbutazoni niliyoacha ni gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni, ndani ya pumba, kwa siku 5, kisha basi. Usiendeleze kwa sababu imebaki kwenye kopo, na usichanganye na dawa nyingine ya maumivu kutoka duka la mifugo, kwani mbili pamoja huchoma tumbo na figo. Kisha kuna sababu ya pili: maumivu kidogo ndiyo yanayomzuia Tufani asijitupe. Ukiyaondoa yote, umemwondolea breki.

Chakula

Farasi wa kazi akisimama ghafla na ukaendelea kumlisha kama wa kazi, utapata mawili: atakuwa na nguvu asizo na pa kuzipeleka, na siku utakapomtoa misuli inaweza kukakamaa kwa maumivu, mkojo ukawa rangi ya kahawa. Kwa hiyo nafaka zote zikome leo. Abaki na majani makavu ya boma rodesi, kilo 8 kwa siku kwa mwili wake wa kilo 450. Gawa mara nne na yapimwe kwa mizani ya kuning'iniza, kwa kuwa robota moja halilingani na jingine. Lusani mkono mmoja tu wa kuchanganyia dawa. Chumvi vijiko viwili vya mezani kwa siku.

Na jambo ambalo sitachoka kulirudia kwa kila mwenye farasi hapa pwani: usimpe chakula cha kuku wala cha ng'ombe, hata kikiwa kimebaki. Baadhi yake hutiwa monensini. Kuku na ng'ombe huivumilia. Kwa farasi huua moyo wake, na dawa ya kuiondoa haipo.

Kusimama pia hulegeza matumbo. Saisi ahesabu marundo ya kinyesi, kati ya 8 na 12 kwa siku na usiku. Yakishuka chini ya 6, au yakiwa madogo, makavu, yenye utando, loweka majani kabla ya kumpa na unipigie siku hiyo hiyo. Maji yawe ndoo mbili za lita 20 badala ya birika, ili tujue anakunywa kiasi gani. Akianza kujitazama ubavuni, kuchimba chini kwa kwato, kulala na kuamka, basi mapigo yahesabiwe chini ya taya kwa nusu dakika na kuzidishwa mara mbili. Akiwa ametulia Tufani ana 36. Akifika 50 bila ya kukimbia popote, mnyang'anye chakula na nipigie hata kama ni saa nane ya usiku.

Kila asubuhi, kabla ya lolote

Hii ndiyo kazi nitakayokuuliza kila nikija, kwa hiyo nunua daftari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya maji ya baridi na kabla ya matembezi, bendeji ifunguliwe na mguu ukae wazi kama nusu saa. Mguu uliotoka kwenye bendeji au maji hudanganya mkono.

Kisha kijana aweke kiganja nyuma ya muundi wa kulia, ahesabu hadi kumi, ahamie kushoto. Atafute joto kwa kulinganisha, asikisie. Baada ya hapo ainue mguu, goti likunjwe na kano ilegee, apitishe kidole gumba na cha shahada taratibu kutoka juu kwenda chini. Mahali palipoumia pako katikati ya kile kipande nilichonyoa manyoya kwa altrasaundi, hawezi kupakosa. Atazame sikio na mguu wenyewe: farasi akivuta mguu akifika hapo, yaandike. Mwisho apime mzunguko wa mguu kwa utepe wa fundi cherehani, palepale kwenye mstari wa juu wa kunyoa. Juzi ulikuwa sentimita 23 na nusu, wa kulia 20 na nusu.

Mambo matatu basi: joto, maumivu, mzunguko. Kuchechemea sikukutaja makusudi. Kuchechemea kutaisha ndani ya wiki mbili tatu, na kuanzia hapo hakutakuambia kitu.

Siku ya kumtoa

Siku ya kumi na tano atatoka kwa mara ya kwanza, na nataka niwepo. Farasi wa mbio za Ngong aliyesimama wiki mbili hatoki kama bibi harusi. Nitamchoma dawa ya kutuliza nusu saa kabla, na katika wiki za mwanzo nitakuachia ya kutia kwenye chakula. Aliyetulizwa bado anaweza kupiga teke, kijana asisahau.

Avalishwe lijamu, si kamba ya kichwani peke yake. Kijana avae kofia ngumu na glavu, na kamba asiizungushe mkononi. Wakati uwe asubuhi baada ya kula, kabla ya bodaboda kuamka na kabla ya ngamia kuletwa ufuoni, maana unajua anavyowaogopa. Njia iwe ile barabara ya murramu kutoka langoni hadi kwenye mwembe, imenyooka na ni ngumu. Akifika mwisho ageuzwe kwa duara pana. Akianza kurukaruka, usimzungushe pale pale kumtuliza kama mlivyozoea. Mtembeze mbele kwa haraka kidogo, na kama hakutulia, mrudishe ndani. Dakika tatu za utulivu zina faida kuliko kumi za vita.

Muda upimwe kwa saa ya simu. Mtu anayetembea na farasi asubuhi yenye upepo hajui dakika kumi ni nini.

Ratiba hadi mwisho wa Machi

Wiki ya tatu na ya nne ni dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Wiki ya tano na ya sita, 15. Ya saba na ya nane, 20. Kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili, 30 asubuhi na 30 jioni. Yote ya kushikwa mkononi, kwenye ardhi ngumu, bila mtu mgongoni, na saa nyingine zote yumo bandani. Bendeji tutaziacha joto likishaisha, huenda wiki ya tano.

Kila unapoongeza muda, ngoja siku tatu ukisoma daftari. Joto likirudi, akivuta mguu kwenye kidole, au mzunguko ukipanda kwa nusu sentimita na kubaki hivyo kesho yake, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita na unipigie. Usimsimamishe kabisa isipokuwa anachechemea.

Wiki ya tano hadi ya nane ndiyo ngumu, na ni ngumu kwa watu kuliko farasi. Mguu utakuwa umepoa, atakuwa anang'aa, anachungulia juu ya mlango. Watu watakuja na ushauri. Mmoja atasema mtie baharini aogelee, mwingine mzungushe kwa kamba ndefu. Kuogelea kunaondoa uzito, ni kweli, lakini kumfikisha majini na kumtoa ni kuhangaika kwenye mchanga laini, na farasi akitoka majini hupenda kuruka. Kumzungusha kwa kamba ni kona tupu. Yote mawili, hapana.

Fundi wa kwato aje kila wiki tano. Ncha ya kwato ikirefuka na kisigino kikishuka, mguu mzima hukaa vibaya na kano huvutwa hata akisimama.

Kipimo cha pili na miezi ya kupanda

Mwisho wa Machi nitarudi na mashine. Ninachotafuta ni mambo mawili: weusi uwe umegeuka kijivu, na unene wa kano uwe umepungua au umebaki palepale. Kanuni ninayoifuata mwaka mzima ni kwamba kano ikinenepa kwa zaidi ya asilimia 10 kati ya kipimo na kipimo, tumekwenda haraka, na tunashuka ngazi moja hata kama farasi anacheza ngoma.

Kikiwa kizuri, Aprili anatandikwa. Mpandaji awe mwepesi, yule kijana wako mdogo anafaa, na ni kutembea tu, dakika 30 hadi 45 mara moja kwa siku. Nitakuruhusu pia kizimba cha mita 5 kwa 5 chini ya kivuli, kisizidi hapo.

Mei, katikati ya mwezi, tunaanza mwendo wa matiti, ule ulio kati ya kutembea na shoti. Dakika 5 kwa jumla, zikigawanywa dakika moja moja, katikati ya matembezi yale ya dakika 40. Mstari ulionyooka, ardhi ngumu na sawa. Kila wiki mbili ongeza dakika 5, si zaidi. Masika yatakuwa yamekolea, na murramu iliyolowa huteleza kuliko sabuni. Siku ya mvua rudi kwenye kutembea, na usilipize dakika za jana kesho.

Sasa ufuo. Watu hudhani mchanga ni laini kwa hiyo ni salama. Kwa kano ni kinyume. Mchanga mkavu haumhusu tena mwaka huu. Mchanga anaoruhusiwa, kuanzia Juni, ni ule uliolowa na kushikana baada ya maji kupwa, ambapo kwato huacha alama ya kina cha kidole kimoja bila kuzama. Kipimo chako ni hicho: kwato ikizama hadi juu ya ukingo wake, geuka. Ufuo wenu una mteremko, kwa hiyo akienda upande wa Mtwapa mguu mmoja unakuwa chini muda wote. Aende na kurudi kwa njia ileile, wala asipelekwe huku halafu akarudi kwa barabara. Siku za bamvua bahari inapwa mbali na unapata uwanja tambarare, hizo ndizo siku zako. Siku za maji mafu ufuo mgumu ni mwembamba, bora abaki barabarani.

Mapema Julai kipimo cha tatu. Kikipita, anaweza kubeba wageni, nami najua hili ndilo ulilolisubiri. Masharti: kutembea tu, mgeni asiyezidi kilo 70, saisi ameshika kamba, safari mbili za nusu saa kwa siku, na siku moja ya wiki asifanye kazi. Matiti yaendelee na kijana wako, yasizidi jumla ya dakika 20 hadi mwishoni mwa Agosti.

Shoti

Mapema Septemba nitapima tena kabla hajaguswa kwa shoti. Kipimo hiki usikiruke kwa sababu ya pesa. Kama itabidi turuke kimoja, tuzungumze kuhusu kile cha Julai, kwa maana kutoka kutembea hadi matiti mzigo unapanda kidogo, lakini kutoka matiti hadi shoti ndipo kano inaponyooka kwelikweli.

Kuanzia hapo, shoti ya polepole, dakika 2 kwa jumla, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kila wiki mbili ongeza dakika 1 hadi 2. Siku za kati atembee na matiti kidogo. Kufunguliwa uwanjani peke yake kunaanza Oktoba, kwanza saa moja, baada ya kufanya kazi na kuchoka kidogo, pamoja na jike mzee ambaye hana haraka. Usimwachie na wale madume wawili wanaofukuzana.

Desemba, msimu ukifika, atabeba wageni kwa kutembea na matiti. Mbio kamili ni Januari, mwaka mmoja tangu aumie, kipimo cha mwisho kikikubali.

Na hapa nitakwambia ambalo hukuniuliza. Mimi ningekuwa na Tufani, nisingemrudisha kwenye mbio kabisa. Kovu la kano halirudi kuwa springi ile ya kwanza. Ni gumu zaidi, na lililo gumu huvuta sehemu nzima iliyo juu na chini yake, ndiyo maana mara nyingi ukatikaji wa pili hutokea pembeni mwa ule wa kwanza. Wageni wako tisa kati ya kumi wanataka picha wakitembea jua linapochomoza, na Tufani ni mpole kuliko wote kwa kazi hiyo. Yule wa kumi anayetaka kukimbia, mpe farasi mwingine. Lakini farasi ni wako, na Januari ndipo utakapoamua.

Siku ya kumi na tano nitafika saa moja asubuhi. Kijana asimmwagie maji ya baridi asubuhi hiyo, afungue bendeji saa kumi na mbili, na daftari liwe juu ya mlango wa banda. Nitaanza kwa kulisoma kabla sijamgusa farasi.

Wako,
Daktari wa Tufani